Vidonda vya kuumwa na mbu: kipi kinaweza kungoja na kipi hakingoji

"Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 4, kilo 16. Wiki iliyopita aliumwa sana na mbu miguuni, akajikuna mpaka akajichubua. Sasa ugoko wa kushoto una vidonda vitatu vyenye kigaga cha njano. Tangu jana kifundo cha mguu wa kulia kimevimba na kina moto, na jioni hii mwili umechemka. Uji anakunywa, na kukanyaga anakanyaga. Zahanati ya kijijini inafunguliwa Jumatatu, na leo ni Jumamosi usiku. Jirani ananiambia nipasue kapsuli za rangi mbili nimmwagie unga. Nifanye nini?" (Mama, Pangani)

Marahaba, mama. Ugoko wa kushoto na kifundo cha kulia usivihesabu kuwa ugonjwa mmoja, ingawa vyote vimeanzia kwenye kucha zilezile. Ugokoni, kwa maelezo yako, ni impetigo: maambukizi ya tabaka la juu kabisa la ngozi, ambayo ukiyaosha vizuri yanaweza kukusubiri siku moja au mbili. Kifundoni nina wasiwasi na selulaitisi, yaani maambukizi yaliyokwisha kuzama chini, kwenye ngozi ya ndani na mafuta yaliyo chini yake, na hayo hayaoshwi yakatoka. Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako kuna zamu hata Jumapili. Usiku huu una kazi ya kufanya nyumbani, lakini zipo dalili ambazo ukiziona unaondoka usiku huuhuu, nami naanza na hizo.

Ondoka sasa hivi, kwa bodaboda au kwa gari la jirani, kama mtoto amelegea na haamki vizuri, kama hawezi kunywa, kama anatapika kila anachokunywa, au kama amepata degedege. Ondoka vilevile kama amekataa kukanyaga mguu wa kulia, au analia ukijaribu kukikunja kifundo taratibu. Hilo la kukanyaga nalitilia mkazo kwa sababu uvimbe upo penye kiungo. Bakteria wakiingia ndani ya kiungo au mfupa, mtoto hataki kabisa paguswe wala patikiswe, na kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache. Nimeshukuru kusoma kwamba anakanyaga. Mwangalie tena kabla hajalala. Dalili ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: maumivu makali mno yasiyolingana na kinachoonekana, ngozi kugeuka zambarau au nyeusi, malengelenge yenye maji ya rangi nzito, au ukibonyeza unahisi kama vipovu vinapasuka chini ya ngozi. Huo ni ugonjwa unaoozesha nyama kwa saa, si kwa siku. Hutokea kwa nadra, lakini ukitokea ni wa chumba cha upasuaji, hauna tiba ya nyumbani.

Kama hayo yote hayapo, tulia, tuangalie mguu kwa makini.

Mbu mwenyewe hakuleta usaha. Mate yake ndiyo yanayoamsha mwasho, na uvimbe wa mate hayo hujitokeza ndani ya saa chache, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, kisha hunywea. Huwasha kuliko kuuma. Usaha huletwa na bakteria wa aina mbili, stafilokokasi na streptokokasi. Stafilokokasi hukaa puani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru; mtoto anatia kidole puani, kisha anakuna mguu, na ukucha unachubua ngozi na kumpandikiza bakteria mahali palepale. Ndiyo maana kidonda kilichoambukizwa huenda kinyume na uvimbe wa kawaida. Siku ya tatu au ya nne, wakati uvimbe ulipaswa kunywea, ndipo unapopanda. Mwasho unapungua na maumivu yanachukua nafasi yake.

Kalenda hiyo ni kipimo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliyevimba mkono saa chache tu baada ya kuumwa na siafu au mdudu mwingine, kwa kawaida ana mzio wa mate au sumu ya mdudu, hata kama mkono una moto na umetutumka. Huyo anahitaji kitambaa cha maji baridi na dawa ya mzio, na antibayotiki haitamsaidia kitu. Kwa mwanao hesabu ni nyingine: aliumwa wiki iliyopita, uvimbe umeanza jana, na homa imefuata leo.

Sasa sogeza taa, tazama ugoko wa kushoto. Impetigo huanza kama kipele kidogo chenye maji ambacho hupasuka upesi, na maji yake yakikauka huacha kigaga cha rangi ya asali kilichokaa juu ya ngozi kana kwamba kimebandikwa. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo mara nyingi hukolea kuelekea kahawia, kama sukari guru iliyoyeyuka ikaganda. Kikilainika na kutoka, chini yake ni pabichi, panang'aa, na ni juujuu tu, hakuna shimo. Panawasha kidogo, hapaumi sana. Ngozi ya pembeni ukiigusa ni laini na ina joto la kawaida. Na vinazaana: leo kimoja, kesho vitatu jirani yake, keshokutwa kimoja kidevuni, kwa sababu vidole vinabeba. Ukikuta chini ya kigaga kuna shimo lenye kingo zilizoinuka, kama limechimbwa kwa kijiko, hapo maambukizi yamepita tabaka la juu. Hicho krimu peke yake haikiponyi na huacha kovu, kwa hiyo mwonyeshe mganga.

Selulaitisi haina kigaga chake yenyewe. Unachokiona ni mlango tu, pengine mchubuko mdogo uliokwisha kuanza kufunga, na kuuzunguka ni eneo la ngozi iliyotutumka, iliyokaza, inayong'aa, yenye moto na inayouma ukiigusa. Vitabu vingi husema utaona wekundu. Kwa mtoto wa kizungu ndiyo, kwa mtoto wetu mara nyingi hutauona, na hapo ndipo watu wanapopotezwa wakasema "mbona si nyekundu." Kwenye ngozi nyeusi eneo hilo huwa jeusi zaidi kuliko pembeni, au la zambarau, au la kijivu kidogo, au halibadiliki rangi kabisa. Kwa hiyo tumia mkono kabla ya macho. Geuza mkono wako, tumia mgongo wa vidole, anzia katikati ya shavu la mguu ambako ngozi ni nzima, ushuke polepole kuelekea kifundo. Kuna mahali utahisi joto linapanda ghafla na ngozi inakuwa ngumu. Hapo ndipo mpaka wa ugonjwa. Kisha fanya hivyohivyo mguu wa kushoto ulinganishe. Kama kifundo cha kushoto ni baridi na laini, huna tena shaka.

Panda pia mpaka kinenani. Mtoki uliovimba na unaouma upande wa kulia ni ishara kwamba tezi zinapambana na maambukizi ya mguu huo. Ukiona mstari uliobadilika rangi, au ukihisi kama kamba inayouma chini ya ngozi, inayopanda kutoka kidonda kuelekea pajani, ujue yanasafiri, na hiyo nayo ni sababu ya kuondoka usiku huuhuu.

Kumbukumbu ya macho usiku haiaminiki, hasa ukiwa na wasiwasi. Chukua kalamu ya wino inayoonekana vizuri kwenye ngozi yake, uweke vidoto kufuata mpaka ule ulioupata kwa vidole, kuzunguka eneo lote, na uandike saa pembeni. Kisha chukua uzi wa kushonea. Pima vidole vitatu vyako juu ya fupa la kifundo cha kulia, uzungushe uzi hapo bila kuukaza, ukate pale unapokutana. Fanya vilevile mguu wa kushoto, ulaze nyuzi mbili sambamba mezani. Tofauti ya urefu ndiyo ukubwa wa uvimbe. Uzi wa kulia uhifadhi. Tuseme umepima saa 3 usiku: pima tena ukiamka saa 9 usiku, na tena saa 12 asubuhi. Kama uzi uleule hauzunguki tena mguu mzima, au moto umevuka vidoto kwa upana wa kidole kabla hakujakucha, usingoje asubuhi. Na vidoto hivyo usivioshe, kwa sababu mganga atakayempokea atavitumia kuliko maneno yoyote utakayomwambia.

Baada ya hapo, osha. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja, funika, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu unayoyavumilia kwenye mkono. Ukitaka, weka chumvi: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa nusu lita ya maji, chupa ya maji ya nusu lita ni kipimo tosha. Usizidishe kwa kudhani itaua zaidi. Chumvi nyingi inachoma tu nyama mbichi, na mtoto hatakubali uoshaji wa pili. Kama huna chumvi, maji safi na sabuni ya kawaida ya kuogea yanatosha. Kinachoponya hapa ni kuondoa uchafu na kigaga.

Nawa mikono yako kwa sabuni, pamoja na chini ya kucha. Loweka kitambaa safi kwenye maji hayo, kikamue kidogo, ukilaze juu ya vigaga vya ugokoni, ukiache dakika 10 huku ukikilowesha tena kinapopoa. Hizo dakika 10 ndizo watu wanazoziruka. Kigaga kikavu ukikibandua kwa nguvu, unararua ngozi mpya iliyoanza kuota chini yake na damu inatoka. Kikiloweka vizuri kinateleza chenyewe ukifuta taratibu. Kile ambacho bado kimeshika kiache, kitatoka kesho. Chini ya kigaga ndiko bakteria wanakojificha, na dawa ya kupaka haiwafikii kama hujakiondoa. Futa kila kidonda kwa upande mpya wa kitambaa ili usihamishe maji ya kidonda kimoja hadi kingine. Kausha kwa kugusagusa, bila kusugua. Maliza kwa sabuni juu ya ngozi inayozunguka, suuza, kausha.

Kifundo cha kulia kioshe pia pale penye mchubuko, lakini usikibonyeze wala usikikande. Ukiona kama kuna usaha uliojikusanya ndani, usitoboe kwa sindano au wembe. Jipu la mguuni linahitaji kupasuliwa kwa vifaa safi na kwa kina kinachotosha, na ukilibinya huenda ukausukuma usaha chini zaidi.

Kwa vidonda vya ugokoni, kama duka la dawa muhimu liko karibu na bado liko wazi, omba mafuta ya antibayotiki ya mupirosini ya asilimia 2 au krimu ya fusidiki asidi ya asilimia 2. Paka kiasi chembamba mara 3 kwa siku, kwa siku 5, kila mara baada ya kuosha. Vidonda vitatu mahali pamoja vinafaa kwa dawa ya kupaka. Vikiwa vingi, au vimetapakaa sehemu mbalimbali za mwili, dawa ya kunywa ndiyo inayofaa, na hiyo huandikwa na mganga. Kama duka limefungwa, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi kidogo, yatazuia gozi kunata. Funika kwa gozi na bandeji legelege, au kwa kipande cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi. Badilisha kila siku, na mapema zaidi kikilowa. Kufunika kunakausha polepole kidogo kuliko kuacha wazi, nalijua hilo, lakini kwa mtoto wa miaka 4 ni bora, kwa sababu vidole vyake havifiki na mwenzake wa kitandani haguswi.

Nifike kwenye ule unga wa rangi mbili. Jirani ana nia njema, na ni ushauri unaosikika kila mtaa. Lakini unga wa kapsuli ukichanganyika na maji ya kidonda unaganda kuwa saruji juu ya nyama mbichi, na chini yake usaha unaendelea. Hauingii ndani kwa kiasi kinachotibu, ila unaweza kuleta mzio wa ngozi, na kwa kiasi kidogo hivyo unawafundisha bakteria kuizoea dawa. Juu ya kifundo ndiyo haufai kabisa, maana ugonjwa uko chini ya ngozi nzima. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa nayo yaache. Yanachoma na kuficha. Spiriti na haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, zina kazi zake, lakini ukizimwaga kila siku kwenye kidonda zinadhuru pia chembechembe zinazojenga ngozi mpya. GV ya zambarau haina ubaya mkubwa kwa kidonda cha juujuu. Tatizo lake ni kwamba inapaka rangi mahali pale tunapotaka kuona rangi ikibadilika, kwa hiyo usiku huu isikaribie kifundo.

Kitu ninachokiogopa kuliko vyote hivyo ni krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila aina ya upele, zenye steroidi ndani yake. Soma boksi: ukiona betamethasoni au klobetasoli, weka pembeni. Steroidi inatuliza mwasho na uvimbe kwa siku mbili, kila mtu anafurahi, huku kinga ya ngozi ya mahali hapo imelazwa na bakteria wanatambaa bila upinzani. Kidonda kinachopakwa hivyo hupoteza sura yake, na hata mganga hupata shida kukitambua.

Kwa homa na maumivu mpe parasetamoli. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo kilo 16 ni miligramu 240. Sirapu nyingi ni miligramu 120 kwa kila mililita 5. Hiyo atakunywa mililita 10. Ila soma chupa kwanza, kwani zipo za miligramu 250 kwa mililita 5, na hiyo ni mililita 5 tu. Rudia baada ya saa 6 kama bado anahitaji, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Tumia kikombe au bomba la kupimia lililokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Diklofenaki na ibuprofeni usimpe: zinapunguza uvimbe na maumivu, ambavyo usiku huu ndivyo vipimo vyetu, na tungependa tuvione jinsi vilivyo.

Mlaze chali, mguu wa kulia ukiwa juu ya mto au kanga zilizokunjwa, mpaka unyayo uwe juu kuliko kifua. Maji yaliyojikusanya kifundoni yatashuka yenyewe, na maumivu yatapungua kuliko unavyotarajia. Asikimbiekimbie. Mpe maji, uji au maji ya dafu mara kwa mara. Mwasho wa sehemu nyingine, zile ambazo hazijachubuka, utulize kwa kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10, kisha losheni ya kalamini. Kama bado anajikuna usingizini, sirapu ya setirizini ya miligramu 5 kwa mililita 5 inafaa: kwa umri wake ni mililita 2.5 asubuhi na mililita 2.5 jioni. Kata kucha zake usiku huu huu, fupi kabisa, na upitishe brashi ya sabuni chini yake. Katika haya yote, hilo ndilo linalokata mzunguko wenyewe.

Kesho utakapofika, mwambie mganga mambo manne kabla hajauliza: aliumwa lini na uvimbe ulianza lini, vidoto vilichorwa saa ngapi na vimevukwa au la, umepaka na kumnywesha nini na saa ngapi, na kama aliwahi kupata vipele au kuvimba midomo baada ya penisilini. Beba kadi ya kliniki pia. Kidonda kilichogusa udongo kinatukumbusha pepopunda, na kadi itaonyesha kama alimaliza chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Usishangae wakimtoboa kidole kupima malaria. Kifundo kinaweza kuelezea homa yote, lakini mtoto wa Pangani aliyeumwa sana na mbu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na homa moja haithibitishi wala kufuta nyingine. Kuhusu antibayotiki, tarajia dawa ya kunywa ya jamii ya kloksasilini, flukloksasilini au sefaleksini, au erithromaisini kama penisilini inamdhuru, kwa siku 5 hadi 7. Kama ana homa kali, anatapika, au uvimbe unakwenda kasi, watamlaza apewe kwa sindano ya mshipa. Sababu ya kukutajia majina ni kwamba watu wengi huanza amoksilini iliyobaki kabatini. Stafilokokasi walio wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi, hivyo mtoto anakunywa siku 3 bure, uvimbe unapanda mpaka gotini, kisha anafikishwa hospitali akiwa amechelewa. Usimwanzishie usiku huu.

Jambo moja huwatia watu hofu wakiwa tayari kwenye dawa. Katika saa 24 za mwanzo uvimbe unaweza kuvuka kidogo vidoto vyako, hata kama dawa ni sahihi. Unachotafuta kwanza ni homa kushuka na maumivu kupungua. Mpaka hufuata nyuma. Ila baada ya saa 48, kama bado unapanda, au homa haijavunjika, mrudishe. Pengine kuna jipu chini, au dawa haimfai bakteria aliyepo. Na homa ikivunjika siku ya pili usikate dozi, mpe mpaka zimalizike siku alizoandikiwa.

Vidonda vya ugokoni vinaambukiza hadi vikauke, au hadi zipite saa 48 tangu aanze antibayotiki. Kwa muda huo asiende chekechea, awe na taulo lake, na shuka na nguo zake zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, zipigwe pasi. Waangalie na wengine nyumbani. Kama zaidi ya mtu mmoja anajikuna, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole, viganjani kwa ndani, kiunoni au makalioni, basi huenda chanzo si mbu tu. Ni upele, na impetigo imeota juu yake. Hapo hata mupirosini ya mwezi mzima haitatosha mpaka watu wote wa nyumba watibiwe upele siku ileile moja. Mwambie mganga hilo kesho, kwa sababu kwa kidonda kimoja kilichofunikwa gozi hataweza kulibuni.

Ngozi ikipona itabaki na madoa meusi kwa miezi kadhaa. Hayo si ugonjwa na hayahitaji krimu yoyote, na usikubali kuuziwa ya kung'arisha. Kinachohitaji jicho lako ni mkojo. Streptokokasi wa ngozi, hata baada ya kidonda kupona kabisa, wakati mwingine huacha mwili ukishambulia figo, na hilo hujitokeza mara nyingi kati ya wiki ya 3 na ya 6. Kwa hiyo hadi mwezi na nusu kutoka leo, mwangalie uso asubuhi anapoamka. Kope zikivimba, akikojoa kidogo kuliko kawaida, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mpeleke siku hiyohiyo, na umwambie mganga kwamba alikuwa na vidonda vya miguuni na lini.